Barua ya Mama kwa Mwana Aliye Melini

Mwanafunzi, kifungu cha somo hili ni barua ya kirafiki iliyotungwa mahususi kwa mwongozo huu. Mwandishi ni mama wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na mwandikiwa ni mwanawe aliyeanza mkataba wake wa kwanza wa ubaharia katika meli ya makasha. Isome mara mbili. Mara ya kwanza isome kama aliyeandikiwa, upate habari za nyumbani. Mara ya pili soma ukiwa na kalamu, na kila mama anaposema jambo ni dogo au si kitu, piga mstari hapo. Mistari hiyo ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Mambrui,
Malindi.
14 Juni 2024

Kwa mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Anayeandika ni dadako. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ataipiga picha akutumie kwa simu uipate mkifika bandarini. Nimemwambia asiongeze lake.

Leo ni siku ya thelathini na moja tangu uondoke. Mkataba ni miezi tisa, kwa hiyo imebaki minane. Nimemwambia dadako kwamba miezi tisa si kitu kwangu, nilikubeba tisa mara ya kwanza na sikulalamika. Amecheka, ananiuliza aandike au asiandike. Andika.

Masika yamekwisha lakini bahari bado ni nyekundu. Sabaki ulijaa mwaka huu ukashusha udongo wote wa bara, maji yakawa kama chai ya maziwa mpaka Malindi. Sasa kusi imekaza. Paa la jikoni linavuja upande wa bahari, makuti yameoza. Fundi amekuja kupima, nikamwambia asubiri kusi ipungue. Si kwamba pesa hakuna. Wewe usitume pesa za paa. Mshahara wako wa kwanza ukitoka, tutakomboa zile bangili tulizoweka rehani ulipokuwa ukisoma kozi, basi. Nazo hata sina haraka nazo, hazinikai mkononi siku hizi. Nimekonda kidogo kwa joto.

Ami yako alitoka Jumanne kuvua nje ya mwamba na mashine ikamzimikia. Mkondo ukawachukua kaskazini, yeye na vijana wawili, wakaonekana asubuhi yake upande wa Ngomeni. Wote wazima, kiu tu. Tulikaa ufukweni kidogo tukiwangoja. (Mama ameniambia niandike "kidogo". Tulikaa mpaka adhana ya alfajiri.) Nakwambia mwenyewe usije ukalisikia kwa mtu limetiwa chumvi.

Yule bwana aliyekutaka pesa ili akutafutie meli amerudi mtaani, sasa anamzunguka mtoto wa jirani. Nimemwambia mamake, baharia halipi ili apewe kazi, na wakala wa kweli ana leseni ya kuonyesha. Mkataba wako nimeuweka kwenye sanduku, chini ya leso zangu. Dadako alinisomea wote. Saa kumi za kupumzika kila siku. Ulale, baba, usikae na simu.

Redioni wanataja Bahari ya Shamu kila jioni. Sikuulizi meli yenu inapita wapi, najua si wewe unayeshika usukani. Nauliza tu kama huko kuna upepo.

Idi ya Mfunguo Tatu imefika. Nitapika pilau kiasi kile kile cha siku zote, maana sijui kupikia watu wachache. Sahani yako atakula mtoto wa jirani.

Ile achari ya embe, ilifika salama au ilikumwagikia nguo? Nijibu hilo kwanza.

Ni mimi,
Mamako.

Tuanze na sentensi ambayo huenda uliipita bila kuitazama: hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe mwenyewe umeiandika mara nyingi katika insha. Ni kauli iliyozoeleka katika utangulizi wa barua za Kiswahili, na wengi huiandika kama wanavyoandika tarehe, bila kuogopa chochote. Katika barua hii, kauli hiyo ndiyo yenye ukweli kuliko zote, na ndiyo pekee ambapo mama analitaja neno "hofu". Baada ya hapo halirudii tena. Anaeleza paa, bangili, mashine, redio na achari. Mtahini akikuuliza dhamira kuu ya barua hii, usiandike tu kwamba ni mapenzi ya mama. Jibu hilo lingefaa barua yoyote ya mama yeyote. Eleza kwamba mwandishi hana ruhusa ya kuogopa waziwazi, kwa sababu mwanawe atasoma akiwa mahali asipoweza kurudi, kwa hiyo hofu yake yote inapitia ndani ya habari.

Ili uone inavyopita, lazima ujue mambo mawili kuhusu bahari yenyewe.

La kwanza ni bahari anayoijua mama. Pwani ya Malindi na Kilifi ina misimu miwili ya upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kusi ndiyo yenye nguvu. Inapokaza, kama katika miezi ya Juni na Julai, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, yaani upande wa ufukwe ambako mawimbi yamekwisha kuvunjika. Mkondo wa maji nao huelekea kaskazini. Ndiyo maana mashua ya ami ilipozima mashine nje ya mwamba wa Mambrui haikuelea kuelekea Malindi bali Ngomeni. Mvuvi wa kawaida hutoka na kurudi siku hiyo hiyo au kesho yake, na mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya wavuvi hujua saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Hofu yake ina kipimo: akipita adhuhuri bila chombo kuonekana, anakwenda ufukweni.

La pili ni bahari ya mkataba, na huko kipimo hicho hakifanyi kazi. Baharia wa meli za kimataifa hulindwa na Mkataba wa Kazi za Ubaharia uliopitishwa mwaka 2006 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unataka baharia awe na makubaliano ya maandishi yaliyotiwa sahihi, alipwe angalau kila mwezi, aweze kupeleka sehemu ya mshahara nyumbani, apumzike si chini ya saa kumi katika kila saa ishirini na nne, na arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye meli muda wake ukiisha. Muda wa kukaa melini mfululizo lazima uwe chini ya miezi kumi na miwili. Tena haruhusu wakala kumtoza baharia ada ya kupewa kazi. Anachoweza kugharimia baharia mwenyewe ni vitu kama cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Kwa hiyo mama anapomwambia jirani kwamba baharia halipi ili apewe kazi, hasemi kwa uzoefu wa pwani tu. Anasema kilicho katika sheria. Zingatia hilo unapojadili sifa zake. Wanafunzi wengi watakimbilia kuandika kwamba ni mwenye mapenzi na mcha Mungu, wakasahau kwamba ni mwenye utambuzi: amesomewa mkataba wote, ameuhifadhi, na ameutumia kumkinga mtoto wa mwenzake.

Lakini sheria ya saa kumi za mapumziko haimwambii meli iko wapi usiku huu. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mabaharia wapatao laki nne duniani walijikuta melini baada ya mikataba yao kumalizika, bila njia ya kurudi kwao. Kuanzia Novemba 2023 meli za mizigo zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu na mlango wake wa kusini, na kampuni nyingi zikaamua kuzungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ambayo ni ndefu zaidi kwa siku nyingi. Hiyo ndiyo habari anayoisikia mama redioni kila jioni. Hakuna ufukwe wa kwenda kukaa kungojea jambo kama hilo.

Sasa rudi kwenye mistari uliyopiga. Tutazame miwili kwa kina.

"Tulikaa ufukweni kidogo." Hapa pana sauti mbili, na lazima uzitaje zote. Mama anatamka, binti anaandika, na binti anavunja agizo la kutoongeza lake kwa kutia mabano. Mbinu hii ina kazi mahususi. Bila mabano, msomaji angeamini kwamba jambo lilikuwa dogo. Kwa mabano, msomaji anapata ukweli wa tukio na pia anapata ushahidi kwamba mama huyu hupunguza mambo. Tangu hapo hatuwezi tena kuyachukua maneno yake mengine kama yalivyo. Ikiwa "kidogo" maana yake ni usiku kucha, je, "nimekonda kidogo" maana yake ni nini?

Jibu liko katika tarehe ya barua. Mama anasema amekonda kwa joto, lakini barua imeandikwa tarehe 14 Juni, kusi imekaza. Kila aliyeishi pwani anajua kwamba huo ni wakati wa ubaridi. Joto la kukondesha mtu ni la Februari na Machi. Sababu aliyoitoa haiwezi kuwa ya kweli. Hapo pana kinaya, na ni kinaya kinachohitaji msomaji ajue misimu ili akione. Mwana amezaliwa Mambrui, ataking'amua mara moja. Pengine mama anajua kwamba ataking'amua. Mimi huona kwamba mama angetaka kumficha kabisa asingelitaja suala la kukonda hata kidogo. Mwalimu wako anaweza kuwa na maoni mengine, na mtahini atakubali yote mawili ukiyatolea ushahidi.

Tazama pia bangili zilivyounganisha mambo matatu katika sentensi mbili: deni lililolipia kozi, mshahara wa kwanza ambao bado haujafika, na mkono uliokonda. Hii ndiyo sababu habari ya paa haiwezi kusomwa peke yake. "Si kwamba pesa hakuna" ni kauli ambayo mtu huisema pesa zinapokuwa hakuna. Fundi aliambiwa asubiri kusi ipungue, ilhali paa linavuja wakati huu, si baada ya kusi. Anayesubiriwa ni mshahara. Mama ameuficha uhitaji wake nyuma ya upepo ili mwana asichukue hofu hiyo hadi melini.

Jambo la mimba limekaa peke yake na linastahili aya yake. Mama analinganisha mkataba wa miezi tisa na ujauzito wa miezi tisa. Ni jazanda, na ni mzaha, ndiyo maana binti anacheka. Lakini ulinganisho huo una nyufa. Katika mimba, mtoto alikuwa ndani yake na kila alipogeuka alimhisi. Katika mkataba, mtoto yuko ndani ya chuma cha watu wengine. Anasema hakulalamika mara ya kwanza. Hasemi lolote kuhusu mara ya pili. Ukiandika tu kwamba amelinganisha mkataba na mimba utapata alama ya kutambua. Alama za kueleza hutoka kwenye kile ambacho ulinganisho unakishindwa.

Huenda ukaulizwa kuilinganisha barua hii na fasihi ya nasaha ya pwani. Mfano maarufu ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kaskazini zaidi, eneo la Lamu, mnamo 1858, ambapo mama aliye mgonjwa anamwachia binti yake wosia. Huko anayeondoka ni mama, na binti anabaki, ndiyo maana mama anaweza kutoa mawaidha yaliyopangika juu ya maisha yote. Hapa anayeondoka ni mwana, na nasaha zimebaki vipande: lala, usikae na simu, usitume pesa za paa. Usilazimishe mfanano zaidi ya huo.

Tufanye sasa swali moja la dondoo hadi mwisho.

"Nauliza tu kama huko kuna upepo."

(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
(b) Fafanua jinsi mbinu ya lugha katika dondoo inavyoendeleza dhamira ya barua. (alama 4)

Katika sehemu ya (a), taja msemaji, msemewa, mahali na sababu, kila kimoja kwa usahihi. Msemaji ni mama. Anamwambia mwanawe baharia. Mama yuko nyumbani Mambrui, naye mwana yuko melini mahali asipopajua. Anasema hivi baada ya kutaja kwamba redio inataja Bahari ya Shamu kila jioni na kwamba hamuulizi njia ya meli. Usiandike kwamba msemaji ni dada kwa sababu ndiye aliyeshika kalamu. Kuandika si kusema, na kosa hilo litakupotezea alama pamoja na maelezo yote utakayoyajenga juu yake. Sehemu ya mabano ndiyo pekee ambayo dada ni msemaji.

Katika sehemu ya (b), jibu dhaifu litasema kuna swali la balagha. Si kweli. Mama anataka kujibiwa, na hata kitenzi cha kuuliza kipo wazi. Jibu lenye nguvu litaonyesha kwamba kuna swali ndani ya swali. Amesema hamuulizi meli inapita wapi, lakini kwa kutamka hivyo amekwisha kuuliza. Kisha anaweka upepo mahali pa shambulio, kwa sababu upepo ndiyo hatari ya bahari anayoijua na anayoweza kuitaja bila kumtisha mtoto. Upepo hapa ni taswira ya hatari yote asiyoweza kuitamka. Neno "tu" linapunguza uzito wa swali jinsi "kidogo" kulivyopunguza usiku wa ufukweni, nawe utaje uhusiano huo. Hivyo dondoo linaendeleza dhamira ya hofu inayojificha ndani ya mazungumzo ya kawaida.

Suala la achari nimeliacha makusudi, kwa kuwa linakuja katika maswali yafuatayo.

Maswali ya marudio

1. Mama anamtaka mwanawe ajibu kwanza kuhusu achari, si kuhusu njia ya meli wala upepo. Kwa nini amelipanga hivyo? Thibitisha kwa kurejelea sehemu nyingine mbili za barua. (alama 6)

2. "Sijui kupikia watu wachache." Eleza maana ya wazi na maana iliyofichika ya kauli hii. (alama 4)

3. Dada aliambiwa asiongeze lake, akaongeza. Je, amemsaidia kaka au amemwongezea mzigo? Jadili. (alama 6)

4. Andika jibu la baharia kwa mamake, ukizingatia muundo wa barua ya kirafiki. Meli imezunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema, mshahara wa kwanza umechelewa kwa juma moja, na achari ilimwagika. Amua ni lipi kati ya hayo atalisema, lipi atalipunguza na lipi atalinyamazia. (alama 20)